Ruhusa ya sura iombwe kwa picha iliyokamilika

Ninyi mnaoanza kazi ya grafiki hapa Moshi, oda ya namna hii mtaipata mapema. Kampuni ya utalii inaleta picha ya mpagazi, mgumu kama tunavyosema, aliyepigwa picha kwenye geti la Machame akicheka na mzigo begani. Wanataka umhamishie kilele cha Uhuru, mita 5,895, umvalishe jaketi lenye nembo yao, kisha picha iende Instagram na kwenye bango la barabarani. Ukiuliza ruhusa unajibiwa, "Huyo kijana wetu, alishakubali kupigwa."

Alichokubali ni picha ya getini. Hii yako inasema mambo mapya mawili. Kwanza, kwamba amefika kileleni, wakati wapagazi wengi hubaki kambi ya Barafu wageni wakipanda usiku. Wenzake wanalijua hilo, na watakaoanza kumcheka ni wao. Pili, kwamba ni mtu wa kampuni hii. Mgumu huyo huenda wiki ijayo anasubiri kazi kwa kampuni nyingine, na bango litakuwa limemsemea.

Kwa hiyo tengeneza rasimu ndogo, iandike "RASIMU" katikati ya picha, umtumie yeye mwenyewe. Usipitie kwa bosi wake: mtu anayetegemea kuitwa kazini hawezi kumkatalia bosi kwa uhuru. Mweleze kwa maneno ya kawaida: "Kaka, habari ya kazi. Nimekuweka kileleni na jaketi la kampuni hii. Itakaa Instagram na kwenye bango kwa miezi sita. Unakubali zote, mojawapo, au hapana?" Mwombe ajibu juu ya picha hiyohiyo kwenye WhatsApp, ili jibu na picha visiachane, halafu hifadhi jibu kwenye folda ya kazi. Tiki mbili za bluu si jibu. "Poa" ya haraka nayo naona haitoshi. Mpigie, umsikie akitaja mwenyewe picha itakwenda wapi.

Akisema Instagram sawa ila bango hapana, bango litengenezwe bila sura yake. Mteja akibadilisha maneno au nembo baadaye, rudi kwa mgumu upya, maana hiyo ni picha nyingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake. Akiiondoa, futa ulichonacho na umjulishe mteja siku hiyohiyo aishushe. Nakala zilizokwisha kusambaa kwenye magrupu na simu za watu hutazirudisha, na hilo analistahili kulisikia kabla hajakubali. Mimi huliweka kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, pamoja na rasimu.