Fataki juu ya picha ya jiji usiku: tabaka za milipuko, moshi na kivuli chake majini

Swali: "Wakuu, nina picha ya Dar usiku niliyopiga nikiwa Kigamboni, nataka kuongeza fataki za mwaka mpya kwa Photoshop. Fataki nimepiga mwenyewe sehemu nyingine, anga lake ni jeusi. Nikiweka Screen zinaonekana kama stika, na majini nikigeuza kichwa chini bado haikai. Nakosea wapi?"

Mkuu, kabla ya kugusa leya yoyote, amua jambo moja: fataki hizo zimerushwa kutoka wapi? Ukubwa wake, zipite mbele ya majengo au nyuma yake, moshi uelekee wapi na kivuli kiangukie wapi majini, vyote vinategemea jibu hilo. Picha nyingi hukaa kama stika kwa sababu mlipuko umepewa ukubwa wa fataki iliyo karibu, ukafichwa nyuma ya majengo kama iliyo mbali, halafu kivuli chake kikawekwa mahali pa tatu.

Tuchukue picha yako. Mnara wa Mamlaka ya Bandari una urefu wa mita 150 na kidogo. Tuseme picha ina pikseli 6000 kwa 4000, na mnara huo una pikseli 600 kutoka maji ya ng'ambo hadi kileleni. Mnara umesogea kidogo ndani ya ufukwe, lakini tofauti hiyo tunaweza kuiacha.

```
600 / 150 = pikseli 4 kwa kila mita, kwenye umbali wa mnara
```

Kwa kanuni ya mkono, fataki ya duara hupasuka kwenye urefu wa karibu mita 30 kwa kila inchi ya kipenyo cha kombora lake. Kombora la inchi 4 basi hupasuka karibu mita 120 juu, na mlipuko wake hutanuka hadi takriban nusu ya urefu huo, yaani mita 60. Likirushwa kutoka umbali uleule wa mnara, mlipuko utakuwa na pikseli 240 tu na hautapita hata kilele cha mnara. Likirushwa nyuma zaidi, litaonekana kwenye mianya ya majengo tu. Kwa hiyo ule mlipuko mkubwa unaojaza nusu ya anga huku ukifichwa na majengo hauwezekani, na jicho la mtazamaji hulihisi hilo hata kama hajui hesabu yake.

Kwa picha ya Kigamboni ningeweka fataki kwenye tishari lililo majini, katikati ya kamera na mji. Kwa nusu ya umbali kipimo kinakuwa pikseli 8 kwa mita. Mlipuko wa inchi 4 unapata kipenyo cha pikseli 480, na kitovu chake kinakaa pikseli 960 juu ya maji ya pale penye tishari. Mlipuko wa inchi 3 unapata pikseli 360 na kukaa pikseli 720 juu, hivyo sehemu yake ya chini itapita mbele ya kilele cha mnara. Iache ipite. Hapo huhitaji maski ya majengo hata kidogo, na hata mkia wa fataki inayopanda utapita mbele ya taa za ofisi.

Sasa zisafishe fataki zenyewe. Screen hufuta nyeusi halisi tu, na anga la usiku kwenye picha yako si nyeusi halisi. Likiwa na thamani ya 8 au 12, linaongeza ukungu wa mstatili juu ya mji. Fungua Levels kwenye kila leya ya fataki, vuta kishale cha kushoto huku ukiangalia paneli ya Info, hadi pembe zote zisome 0 kwenye R, G na B. Usivute zaidi ya hapo, kwa sababu ncha nyembamba za cheche ndizo za kwanza kupotea.

Katika kupanga tabaka, watu wengi hunakili mlipuko mmoja na kuuzungusha ili usitambulike. Usifanye hivyo. Cheche zinapozimika huwa zinainama kwa uzito wake, na ukizungusha mlipuko nyuzi 90, cheche zinainama kuelekea pembeni. Ruhusa ni nyuzi 10 hivi, au Flip Horizontal, nayo ukikumbuka kwamba inageuza pia mwelekeo wa moshi uliomo ndani ya picha hiyo. Mlipuko mmoja uwe mpya, wenye kiini cheupe na mistari iliyonyooka. Miwili iwe imeanza kuinama, na Opacity yake ishuke hadi 60 au 70. Chini yake weka midogo miwili mitatu isiyofika urefu wa ile mikubwa. Zaidi ya hapo unajaza anga mpaka hakuna mlipuko unaoonekana vizuri.

Moshi ndio unaounganisha yote, na ndio watu wanaouharibu zaidi. Moshi hauna mwanga wake. Unaonekana kwa sababu mlipuko au jiji linauangaza, na wakati huohuo unaziba kilicho nyuma yake. Ukiuweka kwa Screen peke yake, unang'aa lakini hauzibi kitu, na taa za jengo zinapenya kana kwamba moshi haupo. Kwa hiyo weka leya mbili. Ya kwanza iwe Normal, rangi ya kijivu iliyoelekea kahawia kama mwanga wa taa za barabarani, Opacity 20 hadi 30, kwa maski iliyopakwa kwa brashi laini yenye mabonge. Ya pili iwe Screen, ifuate maski ileile, na ipakwe rangi ya mlipuko ulio jirani upande unaoutazama mlipuko tu. Upande wa pili ubaki giza. Moshi wa mlipuko mwekundu ukiwa na mwanga wa kijani inakuwa kosa, isipokuwa kama kuna mlipuko wa kijani karibu nao.

Mahali pa moshi pia pana hesabu. Upepo wa mita 5 kwa sekunde husogeza moshi mita 50 kwa sekunde 10, na kwa kipimo chetu hizo ni pikseli 400. Moshi wa mlipuko wa sekunde 10 zilizopita hautakiwi kuwa palepale ulipopasuka: usogeze pikseli 400, utanue, upunguze uzito, na uuweke chini ya leya za milipuko mipya. Kuhusu upande, mwaka mpya ni majira ya kaskazi. Ukisimama Kigamboni ukiutazama mji, kaskazi inatokea kulia nyuma yako, kwa hiyo moshi uelekee kushoto. Kama picha ya jiji ina bendera au moshi wa pantoni unaoonekana, fuata huo kuliko maneno yangu.

Tuje majini, ambako kugeuza kichwa chini kumekugomea. Kila kitu hugeuzwa kwenye usawa wa maji ulio chini yake chenyewe, kwa umbali wake chenyewe. Jengo la ufukweni hugeukia mstari wa ufukwe. Fataki ya kwenye tishari hugeukia mstari wa maji wa tishari, ambao kwenye picha uko chini zaidi. Ufukwe wa ng'ambo ukiwa kwenye pikseli ya 2600 kutoka juu, na kamera ikiwa mita 3 juu ya maji, upeo wa macho uko pikseli 12 juu ya ufukwe (mita 3 kwa 4), na maji ya tishari yako pikseli 24 chini ya upeo (mita 3 kwa 8):

```
mstari wa tishari:   2600 - 12 + 24 = 2612
kitovu cha mlipuko:  2612 - 960 = 1652
kitovu cha kivuli:   2612 + 960 = 3572
```

Hapo tofauti ni pikseli 12 tu na ungesamehewa. Lakini ukipiga kutoka juu ya paa, mita 30 juu ya maji, mstari wa tishari unashuka pikseli 120 chini ya ufukwe. Ukigeuzia ufukweni, kivuli kinakosea kwa pikseli 240.

Unganisha fataki zote za tishari kwenye leya moja iliyonakiliwa, tumia Flip Vertical, iweke kwenye mstari huo, kisha weka Filter > Blur > Motion Blur, Angle 90. Kiasi cha Distance usikikisie. Tafuta taa moja ya ufukweni iliyo peke yake, pima mstari wake wa mwanga majini, na uanze na urefu huo. Maji yale yameshakuonyesha yanavyotawanya mwanga usiku ule. Kama jiji ulilipiga kwa sekunde 15 maji yamelainika, na Motion Blur inatosha. Kama ni sekunde 1 au 2 na viwimbi vinaonekana, ongeza Filter > Distort > Displace: nakili eneo la maji, liondolee rangi, lihifadhi kama PSD, na uanze na Horizontal 8, Vertical 2. Wastani wa ramani hiyo uwe karibu 128. Maji ya usiku ni meusi, na ramani nyeusi inasukuma leya nzima upande mmoja badala ya kuivunjavunja, kwa hiyo ipandishe kwanza kwa Levels.

Mwanga wa kivuli hupungua kadiri unavyoshuka kwenye picha. Maji tulivu yakitazamwa kwa pembe ya nyuzi 10 kutoka usawa wa maji hurudisha karibu asilimia 35 ya mwanga, na kwa nyuzi 20 karibu asilimia 13. Usiziandike namba hizo kwenye Opacity moja kwa moja, kwa sababu thamani za pikseli haziendi sawa na kiasi cha mwanga. Asilimia 35 ya mwanga ni Opacity ya karibu 62, na asilimia 13 ni karibu 40. Weka maski ya mteremko inayotoka 62 karibu na mstari wa tishari hadi 40 au chini yake kwenye ukingo wa picha, na ushushe zaidi kama kuna mawimbi.

Kuna dosari moja itakayobaki hapo. Kiini cha mlipuko kimeungua na kuwa cheupe, kwa hiyo ukikipunguza majini kinakuwa kijivu kichafu. Majini mwanga umepungua, na rangi halisi ya kiini ingeonekana. Juu ya leya ya kivuli weka leya iliyobanwa kwayo, mode ya Color, uchukue rangi ya cheche za pembeni na upake viini tu. Moshi nao uwe na kivuli chake, hafifu kabisa, kwa maski ileile ya mteremko.

Mwisho, weka Curves ya muda juu ya leya zote na uivute juu sana hadi anga liwe la kijivu. Mistatili iliyobaki, maski zilizokatwa vibaya na mipaka ya moshi vitajitokeza vyote kwa pamoja. Rekebisha, kisha futa Curves hiyo kabla ya kuhifadhi.