Usilinganishe wiki ya Idi na tarehe, ilinganishe na Idi

Kila Jumatatu naandaa muhtasari wa mauzo wa duka la nguo za watoto Kariakoo. Safu ambayo bosi huitazama kwanza ni ile ya "wiki kama hii mwaka jana", na ndiyo inayopotosha zaidi Idi inapokaribia.

Kwa wiki za kawaida narudi nyuma siku 364, si 365, ili Jumatatu ikutane na Jumatatu na Jumamosi na Jumamosi. Lakini Idi haifuati kalenda hiyo. Kila mwaka huwahi kwa siku kama 10 au 11. Mwaka 2024 tulisali Idi el-Fitri tarehe 10 Aprili, na 2025 tarehe 31 Machi.

Chukua mfano wa wiki ya 24 hadi 30 Machi 2025, tuseme iliingiza milioni 18. Ukirudi siku 364 unaangukia 25 hadi 31 Machi 2024, yenye milioni 12. Ongezeko la asilimia 50! Bosi anaagiza mzigo. Wiki inayofuata mauzo ni milioni 5 dhidi ya 14, na sasa wauzaji wanaulizwa wamelala wapi. Hakuna aliyelala: mwaka huu Idi imeshapita, mwaka jana watu walikuwa bado wananunua.

Mimi nahesabu siku kwa kuanzia Idi yenyewe. Siku saba kabla ya Idi ya 2025 ni hizo hizo 24 hadi 30 Machi. Za 2024 ni 3 hadi 9 Aprili. Tuseme hizo ziliingiza milioni 20. Kumbe mauzo yameshuka kwa asilimia 10, na hilo ndilo la kutafutiwa sababu. Ikiwa tarehe ziko safu A, mauzo safu C, na siku ya Idi iko E2, fomula ni hii:

```
=SUMIFS(C:C,A:A,">="&E2-7,A:A,"<"&E2)
```

Muhtasari ukitoka kabla ya mwezi kuandama, andika wazi kwamba tarehe ya Idi ni ya makadirio, kisha uirekebishe E2.

Hata hivyo ulinganisho huu una mipaka yake. Wiki ya Idi ya 2025 iliangukia mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka. Ya 2024 ilikuja siku kadhaa baadaye. Pasaka nayo inahama: 2024 ilikuwa 31 Machi, ndani ya zile milioni 12, na 2025 ikawa 20 Aprili. Kwa hiyo chini ya jedwali naweka mstari mmoja wa jumla ya Machi na Aprili. Miaka yote miwili miezi hiyo ilibeba Ramadhani nzima, Idi na Pasaka, na hapo ndipo naangalia kama duka limekua kweli. Kando ya shilingi naweka idadi ya nguo zilizouzwa, maana bei zikipanda mauzo yanaweza kuongezeka huku wateja wakipungua.