Barua kwa Mwanangu: Jini Uliyemkosea Safu

"Shikamoo mama. Kidato cha pili nimewapa faharasa ya malaika, jini, pepo na mzimu, kisha jedwali la kulinganisha lenye safu ya "mwema au mbaya". Somo likageuka ubishi: hawa wanasema jini ndiye shetani, hawa wanakataa. Nimekosea wapi?"

Marahaba mwanangu.

Kilichozua ugomvi ni ile safu ya "mwema au mbaya". Ifute. Weka safu tatu: ameumbwa kwa kitu gani, ana hiari ya kuasi au hana, na watu humfanyia nini.

Mjaribu jini. Kwa Waislamu ameumbwa kwa moto, na hiari anayo: Sura ya 72 inasimulia majini walioisikia Kurani wakaamini, nao wenyewe wakasema kwamba kati yao wamo wema na wamo wasiokuwa hivyo. Kwenye safu yako ya zamani ungemwandika wapi? Malaika ameumbwa kwa nuru, wala hamwasi Mungu. Ndiyo maana Sura ya 18 inasema Iblisi alikuwa miongoni mwa majini. Mwanafunzi Mkristo, aliyezoea kusikia kuwa Shetani ni malaika aliyeasi, lazima amwone mwenzake kapotoka. Kumbe umewapa kisanduku kimoja cha kuwekea mafundisho ya dini mbili. Kila jibu liandikiwe mwenyewe: kwa Waislamu, kwa Wakristo, kwa wazee wa pwani.

Pepo atawasumbua zaidi, maana ni neno moja lenye kazi nyingi. (Na wapo watakaomchanganya na Pepo ya kwenda watu wema. Wacheke kidogo, kisha endelea.) Katika Biblia ya Kiswahili, Yesu anawakemea pepo wachafu, wanatoka, basi. Kwenye ngoma ya kupunga pepo huku kwetu, aliyepandwa huitwa kiti, na mganga huongea na pepo mwenyewe: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Akitaja ubani au kitambaa cha rangi fulani, hupewa. Mara nyingi hafukuzwi, hupatanishwa na kiti chake, na mapatano hayo huenda yakadumu miaka. Shehe wa msikitini na mchungaji wote wawili watakukatalia jambo hilo, nalo liandikwe vilevile. Ukiweka faharasa yako iseme tu "pepo: roho mbaya", umeshaupa ushindi upande mmoja kabla somo halijaanza.

Mzimu mwache wa mwisho. Wakifika safu ya kwanza watakwama, kwa sababu mzimu hakuumbwa mzimu: alikuwa mtu, babu au bibi wa ukoo fulani, akafa, na wajukuu bado wanampelekea sadaka kwenye pango au chini ya mbuyu. Usiwajazie kisanduku hicho. Waulize kwa nini swali lenyewe halimfai, na uwape dakika kumi waandike swali lao linalomfaa.

Mama yako