Mhimili wima wa pili katika Excel: maswali na majibu

Mwalimu, mauzo yetu ni makumi ya maelfu na malalamiko ya wateja ni mamia tu. Kwenye chati, mstari wa malalamiko umelala chini kabisa kama umekufa. Nauinuaje?

Bofya mstari huo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Format Data Series`, kisha chini ya `Series Options` weka alama kwenye `Secondary Axis`. Mhimili mpya utatokea upande wa kulia wa chati, na mstari wa malalamiko utapanda kwa sababu sasa unapimwa kwa mhimili huo. Ikiwa mstari umebanwa chini kiasi kwamba huwezi kuubofya, nenda kwenye kichupo cha `Format`, fungua orodha iliyo upande wa kushoto kabisa, mahali pa `Current Selection`, uchague jina la mfululizo hapo, kisha ubofye `Format Selection`.

Kama bado hujachora chati, njia fupi zaidi ni kuchagua data yote na kupitia `Insert`, `Recommended Charts`, `All Charts`, halafu `Combo`. Hapo kila mfululizo una aina yake ya chati na kisanduku chake cha `Secondary Axis`. Baada ya hapo bofya alama ya kujumlisha iliyo pembeni mwa chati, fungua `Axis Titles`, na uipe mihimili yote miwili majina yenye vipimo vyake. Ni vyema pia maandishi ya kila mhimili yawe na rangi ya mstari wake, maana bila hivyo msomaji hana njia ya kujua ni mstari upi unaosomwa kushoto na upi unaosomwa kulia.

Mauzo yalipanda kutoka vipande 40,000 mwezi Januari hadi 42,000 mwezi Juni, na malalamiko kutoka 200 hadi 300. Mbona chati yenye mihimili miwili inaonyesha mauzo ndiyo yanayopaa?

Kwa sababu kila mhimili umeanzia mahali pake, na mahali hapo hapakuchaguliwa na wewe. Excel ikiachwa ijipangie yenyewe, hutazama tofauti kati ya thamani kubwa na thamani ndogo ya data. Tofauti hiyo ikizidi takriban sehemu moja ya sita ya thamani kubwa, mhimili huanzia sifuri. Ikiwa ndogo zaidi ya hapo, Excel hukata sehemu ya chini ya mhimili ili mabadiliko yaonekane vizuri. Malalamiko yako yana tofauti ya 100 kwenye kilele cha 300, yaani theluthi nzima, kwa hiyo mhimili wao umeanzia sifuri. Mauzo yana tofauti ya 2,000 tu kwenye kilele cha 42,000, ambayo haifiki hata asilimia 5, kwa hiyo mhimili wao umekatwa.

Tuseme mhimili wa kushoto umekuwa wa 39,000 hadi 42,500, na wa kulia wa 0 hadi 350. Ongezeko la mauzo la vipande 2,000 sasa linachukua asilimia 57 ya kimo cha chati, ilhali ongezeko la malalamiko 100 linachukua asilimia 29 tu. Jicho linaona mauzo yakipanda mara mbili zaidi ya malalamiko, wakati hesabu inasema mauzo yameongezeka kwa asilimia 5 na malalamiko kwa asilimia 50. Hakuna tarakimu hata moja iliyoandikwa vibaya, na bado picha imegeuza habari kichwa chini miguu juu.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Bofya mhimili wa kushoto mara mbili, na katika `Bounds` andika 0 kwenye `Minimum`. Mstari wa mauzo utanyooka karibu uwe bapa, jambo ambalo ndilo maana halisi ya asilimia 5. Hata hivyo, sisemi kwamba kila mstari lazima uanzie sifuri. Mhimili mmoja uliokatwa, wenye namba zinazosomeka vizuri, unaweza kuwa sahihi kabisa pale mabadiliko madogo yanapokuwa na uzito. Ninachokikataa ni kuweka mhimili uliokatwa na ule usiokatwa kwenye chati moja, kisha kumwalika msomaji alinganishe miinuko yake.

Katika chati yangu ya data ya namna hiyo, mistari inakatana mapema Februari. Niandike nini kuhusu mwezi huo kwenye ripoti?

Usiandike chochote, kwa sababu hakuna kilichotokea. Mistari miwili inayopimwa kwa kipimo kimoja ikikatana, maana yake ni kwamba thamani zimekuwa sawa. Vipande vilivyouzwa na malalamiko haviwezi kuwa sawa kwa maana hiyo, na mahali inapokatana mistari yao panaamuliwa na namba ulizoacha kwenye `Bounds`.

Tuchukue data ya swali lililotangulia kwa ukamilifu: mauzo ni 40,000, 40,400, 41,000, 41,200, 41,600 na 42,000, malalamiko ni 200, 220, 250, 260, 280 na 300. Mhimili wa kushoto ubaki 39,000 hadi 42,500. Mhimili wa kulia ukiwa 0 hadi 350, malalamiko yanakaa juu ya mauzo kuanzia Januari, na mistari inakutana Juni kwa usahihi kabisa. Sasa badilisha `Maximum` ya kulia kutoka 350 hadi 600, bila kugusa data. Malalamiko yanashuka, yanabaki juu kidogo Januari, na kufikia Februari mauzo yameshayapita. Tukio lile lile limehama kutoka Juni hadi kati ya Januari na Februari kwa kuandika namba moja. Msomaji ambaye hakuona ukibadilisha namba hiyo ataanza kutafuta sababu: nini kilitokea Februari, nani aliingia kazini, bidhaa gani ilizinduliwa. Na kwa kuwa katika kila mwezi huwa kuna jambo lililotokea, sababu ataipata.

Kwa hiyo ukikuta chati ya namna hii kwenye ripoti ya mtu mwingine, soma kwanza namba ya chini na ya juu ya kila mhimili kabla hujatazama mistari. Kama mwandishi amejenga hoja yake juu ya mkutano wa mistari, au juu ya mistari miwili inayofuatana kwa karibu mno, hoja hiyo bado haijathibitishwa.

Basi nitumie nini badala yake? Wakubwa wanataka kuona vitu vyote viwili kwenye ukurasa mmoja.

Inategemea swali wanalouliza. Kwa data ya mauzo na malalamiko, mara nyingi swali lenyewe ni kama malalamiko yanaongezeka kuliko inavyotarajiwa kutokana na kukua kwa mauzo. Hilo halihitaji mistari miwili wala mihimili miwili, bali uwiano mmoja. Mauzo yakiwa kwenye safu B na malalamiko kwenye safu C, hesabu malalamiko kwa kila vipande 1,000 vilivyouzwa:

```
=C2/B2*1000
```

Januari utapata 5, na Juni utapata takriban 7.1. Mstari mmoja unaopanda kutoka 5 hadi 7.1 unasema jambo ambalo chati ya mihimili miwili ilikuwa inalificha.

Ikiwa wanataka kulinganisha kasi ya ukuaji, geuza kila mfululizo uwe fahirisi inayoanzia 100 mwezi wa kwanza:

```
=B2/B$2*100
```

Alama ya dola iko mbele ya namba ya mstari tu, kwa hiyo fomula hii unaweza kuinakili kwenda chini na kwenda safu ya kulia, na itajirekebisha yenyewe kwa malalamiko. Mauzo yataishia 105 na malalamiko 150, yote kwenye mhimili mmoja, na hapo miinuko inalinganishika kwa haki. Tahadhari yake ni mwezi wa msingi. Ukichagua mwezi ambao malalamiko yalikuwa machache isivyo kawaida, miezi yote inayofuata itaonekana mibaya. Chagua mwezi usio na mambo ya pekee, au tumia wastani wa miezi kadhaa kuwa 100, na utaje msingi huo kwenye kichwa cha chati.

Na kama wanataka tu kuona namba halisi za vitu vyote viwili, chora chati mbili fupi, moja juu ya nyingine, zenye upana sawa na miezi ile ile. Shikilia `Alt` unapozisogeza ili kingo zake zishike mistari ya seli na zipangike sawasawa.

Nimeweka mihimili miwili kwenye chati ya nguzo, na nguzo za pili zimefunika za kwanza. Kuna hitilafu?

Hakuna hitilafu. Mfululizo wa mhimili wa pili huchorwa mbele ya ule wa kwanza, na nguzo zote mbili zinasimama mahali pamoja. Bofya mfululizo mmoja kwa kitufe cha kulia, chagua `Change Series Chart Type`, uufanye mstari.

Je, kuna wakati ambapo mhimili wa pili hauna lawama?

Upo, na ulio wazi kuliko wote ni pale mihimili yote miwili inapopima kitu kimoja kwa vipimo viwili, kama vile joto kwa Selsiasi na kwa Farenhaiti. Hapo uhusiano wa mihimili haukuchaguliwa na mchoraji, umewekwa na fomula. Weka kushoto 0 hadi 40 na kulia 32 hadi 104, na `Major` iwe 10 kushoto na 18 kulia, ili mistari ya gridi iangukie namba kamili pande zote.

Excel haitakuonyesha mhimili wa kulia usipokuwa na mfululizo wa kuubeba, kwa hiyo tengeneza safu ya Farenhaiti kwa `=B2*9/5+32` na uihamishie huko. Mistari miwili ikilaliana kabisa, umepanga vizuri. Uufiche wa pili kwa `No line`. Mistari ikiachana hata kidogo, mipaka yako ina kosa. Kumbuka pia kwamba mipaka uliyoiandika kwa mkono haibadiliki data mpya inapoingia: joto likifika 43, mstari utakatika juu ya chati hadi uirekebishe mihimili yote miwili pamoja.

Mhimili wa kulia unajaza nafasi. Naweza kuuondoa chati ibaki safi?

Ukiuchagua na kubonyeza `Delete`, malalamiko yatarudi kupimwa kwa mhimili wa kushoto na yatalala tena chini. Ukitumia `Label Position` na kuchagua `None`, namba zitatoweka lakini mstari utabaki pale pale, ukipimwa kwa mhimili usioonekana. Njia hii ya pili itumie pale tu unapoandika thamani juu ya kila nukta kupitia `Data Labels`. Bila thamani hizo, msomaji atausoma mstari wa malalamiko kwa namba za kushoto na kuamini kwamba malalamiko ya Juni yalikuwa 42,000.