Vitabu vya Kiingereza, nyimbo za Kiswahili: havigongani?

*"Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne hapa Mikindani, mtihani ni Novemba. Jirani yetu ana kibanda umiza, kwa hiyo nikisoma usiku naweka bongo fleva kwenye spika za masikioni. Wenzangu wanasema haina shida, maana vitabu ni vya Kiingereza na nyimbo ni za Kiswahili, havigongani. Kuna kaka anauza flashi ya 'mawimbi ya ubongo' shilingi 5,000. Nyimbo zenye maneno zinaharibu kweli? Kama ndiyo, nisikilize muziki gani nikisoma, na gani nikiandika insha?"*

Marahaba, mwanangu. Zinaharibu. Na hiyo hoja ya lugha mbili kutogongana nimeisikia kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi, kila mwaka mtihani ukikaribia, na bado inaniudhi, kwa sababu inawapata wanafunzi wenye bidii, wale wanaokaa na kitabu saa tatu nzima kila usiku.

Unaposoma kimyakimya, macho hayafanyi kazi peke yake. Kuna sauti ndogo kichwani inayotamka maneno, na kazi yake kubwa ni kushikilia mwanzo wa sentensi mpaka mwisho wake ufike. Chukua sentensi ndefu ya Baiolojia inayoeleza kwamba damu iliyotoka mapafuni huingia chumba cha juu cha kushoto cha moyo, hupita vali, huingia chumba cha chini, kisha husukumwa kwenda mwilini. Ukifika "mwilini" huku "mapafuni" imeshapotea, umesoma maneno lakini safari ya damu huna. Mahali pa kushikilia hayo maneno ni padogo sana, panabeba sekunde chache tu za usemi. Alan Baddeley na Graham Hitch, wanasaikolojia wa Uingereza, walianza kupaeleza mwaka 1974.

Tabu ni kwamba sauti ya mtu ikiingia sikioni inafika mahali hapo hapo bila kubisha hodi. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Colle na Welsh, waliwapa watu wanaosema Kiingereza orodha za herufi wazikumbuke kwa mpangilio, huku pembeni wakisikia maandishi ya Kijerumani yakisomwa. Hawakukijua Kijerumani, na waliambiwa wasiyajali. Walikosea zaidi kuliko walipofanya katika ukimya. Basi anayejitetea kwamba anasikiliza nyimbo za Kilingala au Kikorea asizozielewa, hajapona.

Lugha unayoielewa inaongeza hasara ya pili, kwa kuwa maana nayo inakuvuta. Kwako wewe hali ni nzito zaidi. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma kitabu cha Kiingereza mara nyingi hukigeuza Kiswahili kichwani ili akielewe. Kiswahili ndiyo karakana unayofanyia kazi. Halafu katikati ya karakana hiyo unamleta mwimbaji anayesema Kiswahili kizuri, chenye vina, kilichotungwa makusudi kisisahaulike. Wenzako wanasema havigongani, kumbe hapo ndipo vinapogongana hasa.

Najua jibu linalofuata: "Lakini mimi nimezoea, na nyimbo nazipenda." Kupenda hakusaidii. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 na Nick Perham na Joanne Vizard lilionyesha kwamba muziki unaopendwa na usiopendwa uliharibu kumbukumbu ya mpangilio kwa kiasi kilekile. Unachokipata kwa wimbo unaoupenda ni hali nzuri ya moyo, nayo inakudanganya kwamba kusoma kumekwenda vizuri.

Kwa hiyo usiniamini kwa maneno, jipime. Chagua kurasa nne za somo moja zenye ugumu unaolingana, tuseme mfumo wa damu. Siku ya kwanza soma kurasa mbili kwa dakika 20 bila muziki, pumzika dakika 10, kisha soma mbili nyingine kwa dakika 20 na nyimbo zako. Usijipime usiku huohuo, maana kila kitu bado kiko karibu na utadhani unajua. Kesho yake jioni chukua karatasi tupu, andika hoja zote unazokumbuka kutoka kila sehemu, ndipo ufungue kitabu na kuhesabu zilizo sahihi. Rudia kwa kurasa nyingine, safari hii ukianza na muziki, kwa sababu anayesoma sehemu ya pili amechoka, na uchovu huo usije ukahesabiwa kuwa kosa la muziki. Fanya raundi nne. Usihesabu hoja tu, angalia pia aina ya makosa. Kwa kawaida aliyesoma na nyimbo anakumbuka majina, vali na mshipa mkuu wa damu, lakini mpangilio umevurugika: damu yake inakwenda mwilini kabla ya kupita mapafuni. Mpangilio ndio unaoibiwa kwanza, na maswali ya "eleza hatua kwa hatua" yana alama nyingi.

Hata kabla ya kipimo, dalili utaziona: umesoma mstari mara ya tatu, umefika mwisho wa aya lakini unachokijua ni kiitikio, au umeshika simu kurusha wimbo. Kila ukirusha wimbo umetoka kitabuni, na kurudi si kwa sekunde moja.

Sasa shida yako ya kweli ni kibanda umiza cha jirani, na hapo una haki. Ila huwezi kumfukuza mtangazaji wa mpira kwa kumleta mwimbaji. Kinachosumbua ni sauti inayobadilikabadilika, hasa ya mtu mmoja anayesikika vizuri. Sauti za watu wengi zilizochanganyika zinasumbua pungufu, ndiyo maana mtu anaweza kusoma stendi penye makelele lakini akashindwa karibu na jirani mmoja anayeongea na simu. Sauti isiyobadilika inasumbua hata pungufu ya hapo, na inafunika maneno ya mtangazaji. Kwa hiyo chaguo lako la kwanza kwa kusoma mambo mapya si muziki kabisa: ni feni, au rekodi ya mvua inayonyesha mfululizo bila radi, au mawimbi ya bahari yasiyo na ndege wala watu. Pakua rekodi ya saa moja au zaidi, ili isikatike na tangazo lisiingie. Vizibo vya sponji vya masikio navyo vinafaa, na ukiviunganisha na feni mtangazaji atabaki mngurumo tu.

Kama ni lazima uwe na muziki, tafuta ala tupu zenye mambo matatu: sauti isiyopanda na kushuka ghafla, ala moja au mbili tu, na mapigo ya taratibu. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Yakiwa kati ya 60 na 80 kwa dakika inatosha. Gitaa kavu linalopigwa polepole linafaa, piano ya taratibu inafaa, udi peke yake unafaa. Bashrafu za taarabu ya Unguja hazina mwimbaji, ila ala zake za fidla na kanuni zina muziki unaopindapinda na kukuita uufuate. Ziweke kwenye kurudia ulichokwisha kukielewa, usiziweke kwenye sura mpya. Singeli hata ikiondolewa maneno haifai, maana mapigo yake hupita 200 kwa dakika.

Upo mtego mmoja ambao wengi hawauoni: biti za nyimbo unazozijua. Mtu anatoa sauti ya mwimbaji, anabaki na ala za wimbo uliovuma mwaka huu, anadhani ametii. Kichwa kinajaza maneno chenyewe. Ukijikuta midomo inacheza, hizo si ala tupu kwako. Chagua ala zisizowahi kuwa na maneno, halafu rudia zilezile kila usiku mpaka zikose ugeni. Sauti iwe chini kiasi kwamba ukifunua ukurasa unausikia, na mama akikuita kwa sauti ya kawaida kutoka chumba cha pili unaitika.

Kuandika insha ni kugumu kuliko kusoma, kwa sababu ile sauti ya ndani haipokei tu, inatunga. Utafiti wa Sarah Ransdell na Lee Gilroy wa mwaka 2001 kwa wanafunzi wa chuo ulionyesha kwamba muziki wa nyuma, hata usio na maneno, ulipunguza kasi ya kuandika. Rasimu ya kwanza iandike kwenye ukimya au mvua. Ukifika kunakili nakala safi, weka gitaa lako. Nyimbo zenyewe, bongo fleva yako, zina nafasi yake: dakika 10 kabla ya kuanza, wakati wa mapumziko, na kwenye kazi isiyotumia maneno kama kupaka rangi mchoro wa moyo.

Nije kwenye flashi, maana hapo hauko peke yako. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha jaribio la wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, kwa dakika 10, *kisha* wakafanya vizuri kidogo katika maswali ya kuwaza maumbo. Athari ilikwisha katika dakika 10 hadi 15. Halikuhusu kusoma kitabu wala watoto, na muziki haukuwa ukilia wakati wa kazi. Mwaka 2001 watafiti wengine walionyesha kuwa chanzo kilikuwa uchangamfu na hali ya moyo, basi. Ila wauzaji walishaondoka na neno kwamba Mozart anaongeza akili, na mwaka 1998 hata gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba fedha za serikali kuwagawia watoto wachanga diski za muziki wa aina hiyo.

"Mawimbi ya ubongo" ni ndugu wa habari hiyo. Sikio la kushoto linapewa mlio wa, tuseme, hezi 400, la kulia hezi 410, na ubongo unasikia mdundo wa mara 10 kwa sekunde. Mdundo huo upo kweli, Mjerumani Heinrich Dove aliueleza karne ya 19. Lakini majaribio ya kuona kama unaongeza umakini yametoa majibu yanayopingana, na hakuna yanayomruhusu mtu kumwahidi mwanafunzi daraja la kwanza kwa shilingi 5,000. Muuzaji akikutegea, mwombe usikilize kwa spika mbili za masikioni, kisha toa moja. Mdundo wa kweli wa aina hiyo unatoweka papo hapo, unabaki mlio ulionyooka. Ukiendelea kudunda kwenye sikio moja, basi hata hicho anachodai kuuza hakimo kwenye flashi.