Maswali na majibu: Hz 700, R2 hasi na tamaa ya Q

Fundi, shikamoo. Nataka kichujio cha kusikilizia Morse kwenye redio ya ridhaa: masafa ya kati Hz 700, ukali wa kuchuja, yaani Q, uwe 5, ukuzaji 2. Ninazo kapasita za nF 10. Nianzie wapi?

Marahaba. Umeanza vizuri kuliko wengi, maana kapasita unazo mkononi tayari. Rezista zinapatikana kwa kila thamani, kapasita hazipatikani hivyo, kwa hiyo C ndiyo ichaguliwe kwanza. Kwa kichujio cha kupitisha bendi chenye opampu moja na kapasita mbili zilizo sawa, hesabu ni hizi, f0 ikiwa masafa ya kati na A ukuzaji:

```
R1 = Q / (2*pi*f0*C*A)
R2 = Q / (2*pi*f0*C*(2*Q^2 - A))
R3 = Q / (pi*f0*C)
```

R1 inatoka kwenye ingizo, R2 inashuka kwenda graundi, R3 inarudi kutoka kwenye tokeo hadi mguu wa ingizo wenye alama ya kutoa wa opampu. Kwako R1 inatoka kΩ 56.8, R2 kΩ 2.37 na R3 kΩ 227. Dukani utapata 56 na 220, chukua hizo. Ukuzaji ni R3 ukigawanya kwa R1 mara mbili, yaani 220 kwa 112, unapata 1.96. Hakuna sikio litakalojua tofauti.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wanapojisumbua bure. Upana wa bendi unaamuliwa na R3 na C peke yake, na kwa thamani hizi ni kama Hz 145. Ukuzaji unaamuliwa na R3 na R1. R2 haimo popote kati ya hayo mawili, kwa hiyo ukiizungusha masafa ya kati yanasogea huku upana na ukuzaji vikitulia. Usiisake rezista moja ya kΩ 2.45, ambayo ndiyo thamani inayotakiwa baada ya kukubali 56 na 220. Weka kΩ 1.8 mfululizo na poti ndogo ya kΩ 1. Utaweza kutembea kutoka kama Hz 657 hadi 813, nafasi inayotosha kumeza makosa ya kapasita za asilimia 5.

Wakati wa kurekebisha usitafute kilele kwa macho, maana juu yake ni bapa na utadanganyika. Ingiza Hz 700, weka osiloskopu kwenye hali ya XY, ingizo kwenye X na tokeo kwenye Y. Utaona yai limelala. Zungusha poti taratibu mpaka yai lijifunge na kuwa mstari mmoja ulioinamia kushoto. Hapo tokeo liko kinyume kabisa na ingizo, na hilo hutokea kwenye masafa ya kati tu.

Q 5, ukuzaji 60. Kikokotoo kinanipa R2 hasi. Kimeharibika?

Hakijaharibika. Ukuzaji lazima uwe chini ya 2Q², na kwako hiyo ni 50. Weka ukuzaji 2 hapa, halafu ongeza kikuza cha kawaida nyuma yake.

Mbona mawimbi ya kutoka yamepinduka?

Kwa sababu saketi hii inageuza. Nimelijibu hili mara tatu mwaka huu.

Nimejenga kipokezi cha sauti isiyosikika cha kHz 40 kwa LM741, Q 10. Kilele kinatokea karibu na kHz 30. Rezista nimezipima zote, kapasita pia, ziko sawa. Kosa liko wapi?

Asante kwa kupima kabla ya kuuliza. Kosa liko kwenye chipu, na kwa kweli liko kwenye tamaa ya Q.

Ile 2Q² iliyompa mwenzako R2 hasi ndiyo inayokula opampu yako. Tazama R1 na R2: zinaigawanya ishara kwanza, halafu opampu inalazimika kuirudisha juu. Kwa Q ya 10, kwenye masafa ya kati opampu inafanya kazi ya kukuza mara 200 hata kama wewe umeomba ukuzaji wa 1 tu. LM741 ina kama MHz 1 ya ukuzaji kuzidisha masafa, yaani GBW. Gawanya kwa kHz 40, unabaki na 25. Unamdai 200 mwenye 25.

Masafa yanashuka kwa kadiri hii:

```
f = f0 / sqrt(1 + 2*Q*f0/GBW)
```

Weka namba zako: 2 mara 10 mara 40,000 ukigawanya kwa 1,000,000 ni 0.8. Kipeuo cha pili cha 1.8 ni 1.34, na 40 kwa 1.34 ni kHz 29.8. Umepima vizuri sana.

Wengi watakuambia ununue TL072. Hiyo ina kama MHz 3, na kwa Q 10 itakuacha kwenye kHz 35.5. Bado umekosa. Shusha Q iwe 4, tumia NE5532 yenye kama MHz 10, utafika 39.4, na kilichobaki R2 itakimaliza. Ukihitaji kuchuja zaidi, fuatanisha hatua mbili za Q ndogo. Mimi binafsi kwa saketi hii sipiti Q 10 hata kwenye masafa ya chini.

Kapasita yoyote ya nF 10 iliyoandikwa 103 inafaa?

Hapana! Soma herufi iliyofuata. 103J ni asilimia 5, 103K ni asilimia 10, na 103Z inaweza kuzidi kwa 80 au kupungua kwa 20. Mwaka fulani niliishiwa nikaweka vile visahani vya kahawia vya 103Z. Nilirekebisha usiku, mstari ukanyooka kama uzi, nikaenda kulala. Mchana chini ya bati kituo kikapotea. Nilipopima, kilele kilikuwa kimepita Hz 760, kwa kuwa kapasita za namna hiyo hupungua zikipata joto. Jioni kikarudi chenyewe. Tangu siku hiyo naweka za filamu, zile za kijani zenye J, na visahani naviacha kwenye njia ya umeme tu.

Kichujio changu hakifanyi kazi. Nisaidieni haraka.

Masafa gani, Q ngapi, chipu gani, umepima nini? Bila hayo hata mganga atakurudisha nyumbani.

Natumia betri moja ya volti 9. Mguu wa kujumlisha nimeupeleka kwenye volti 4.5 ya rezista mbili za kΩ 100. R2 nayo iende huko?

Iache kwenye graundi. Makutano ya R1 na R2 yamezungukwa na kapasita mbili, kwa hiyo volti tuli ya hapo haifiki kwenye opampu wala kwenye tokeo. Kinachohitaji 4.5 ni mguu wa kujumlisha peke yake, na tokeo litaifuata kupitia R3. Ukiipeleka R2 kwenye hizo kΩ 100 mbili, kwa ishara ni kama umeifunga mfululizo na kΩ 50, na ile kΩ 2.45 tuliyohangaika nayo haina maana tena. Weka pia kapasita ya µF 10 kutoka kwenye hiyo 4.5 hadi graundi, upande wenye alama ya kutoa ukiwa graundi.