Tarehe ya ziara niliijua, mtoto akabaki

*Shangazi, nina watoto watatu, wa PP2, Gredi ya 4 na Gredi ya 7, na makundi manne ya shule kwenye simu. Ijumaa tarehe 12 wa Gredi ya 4 alibaki nyumbani analia, wenzake wakienda Makumbusho ya Kisumu. Siku ya ziara niliijua, lakini nilipotuma pesa Jumatano nikaambiwa majina yalifungwa Jumatatu. Baba yao, anayefanya kazi Eldoret, ananiita mzembe. Nifanyeje? Mama Watatu, Free Area, Nakuru*

Pole, mwanangu, na huyo mdogo mpe pole yangu. Uzembe siuoni hapa. Wewe ulishika siku ya basi kuondoka, na kumbe siku iliyokuhusu ni ile ya kutoa pesa. Shule ikitangaza jambo moja, kwako ni kazi mbili tatu za siku tofauti, na kila moja inataka mstari wake kwenye orodha. Ziara hiyo ingeandikwa hivi: Jumatatu 8, kulipa. Alhamisi 11 jioni, kufua sare na kununua cha kubeba. Ijumaa 12, kumfikisha shuleni alfajiri. Panga mistari kwa siku ya kutenda, na pembeni ya kila mmoja weka jina la mtoto na la mtu mzima atakayeifanya kazi hiyo.

Kukusanya matangazo ya makundi kufanye mara moja kwa siku, tuseme saa tatu usiku vyombo vikishaoshwa. Usitegemee alama ya jumbe ambazo hazijasomwa, kwa sababu ukichungulia kundi mara moja tu ukiwa kwenye matatu, alama imeondoka. Andika nyuma ya daftari saa ya ujumbe wa mwisho uliosoma katika kila kundi, kesho yake uanzie hapo. Utapita katikati ya "amina" arobaini na tangazo la mtu anayeuza mitumba, lakini utafika. Ujumbe wa sauti usikilize mpaka mwisho. Walimu wengine huanza na salamu ndefu, kisha tarehe wanaitaja wakiaga.

Neno "kesho" usilinakili kamwe. Mwalimu akiandika Jumanne usiku "kesho walete boksi na gundi", nawe ukausoma Jumatano asubuhi, kesho yake ndiyo leo yako. Tazama ujumbe ulitumwa lini, ndipo uandike tarehe kamili. Na ukiwa umeletewa na mzazi mwingine, saa unayoiona ni ya huyo aliyekutumia, kwa hiyo ufuate kwenye kundi ulikotoka. Saa nazo zina mtego. "Mkutano saa 8" yaweza kuwa saa mbili asubuhi iliyoandikwa kizungu, au saa nane mchana yetu. Mimi niliwahi kufika saa nane, nikamkuta bawabu anakusanya viti, mkutano umekwisha. Uliza, kisha uandike "asubuhi" au "mchana".

Karo ina ukurasa wake. Ukumbusho wa kundi husema tu "malizeni salio", na haujui wewe unadaiwa ngapi. Kwa kila mtoto andika salio kutoka karatasi ya shule, nambari ya usajili, ulicholipa na nambari ya muamala wa M-Pesa. Nambari ya Paybill pia itoe kwenye karatasi hiyo, si kwenye ujumbe uliozungushwa na wazazi. Wanao wakisoma shule moja, ni rahisi kulipa kwa nambari ya usajili ya ndugu: mmoja anazidishiwa, mwingine anarudishwa nyumbani. Ujumbe wa M-Pesa unaorudi huonyesha jina la aliyepokea na akaunti uliyojaza. Usome kabla hujaufunga.

Orodha yenyewe ningeiweka kwenye daftari, hapo mezani ambapo watoto wanaiona. Kwenye WhatsApp ujumbe ukipita dakika 15 hauhaririki tena, na tarehe za shule hubadilika kila mara. Daftarini utakata ya zamani kwa mstari mmoja na kuandika mpya kando yake, ya kwanza ikiwa bado inasomeka, maana mtoto atakuja kukubishia kwamba mwalimu alisema vingine.

Sasa huyo bwana wa Eldoret. Kila Jumapili jioni piga picha ukurasa wa wiki inayokuja umtumie, mistari miwili mitatu ikiwa na jina lake. Karo inalipika kutoka Eldoret. Na kundi la Gredi ya 7 mwombe msimamizi amwingize yeye, wewe utoke. Litakuwa lake kulisoma usiku na kukutumia tarehe zake kabla hujafunga daftari. Mpe mwezi mmoja, halafu mzungumzie hilo neno "mzembe".